Hisa ya Shilingi Arobaini

Chukua ripoti za mwaka za benki mbili kubwa za Tanzania, CRDB na NMB, fungua ukurasa wa mizania, kisha shuka taratibu hadi sehemu inayoonyesha fedha za wenye benki. Mstari wa mtaji wa hisa uko hapo. Kwa CRDB unasoma shilingi bilioni 65.3. Kwa NMB unasoma bilioni 20 kamili. Mgeni asiyezijua benki hizi, akionyeshwa mstari huo peke yake, ataapa kwamba CRDB ni kubwa mara tatu ya mwenzake. Lakini mwaka 2023 NMB ilivuna faida ya zaidi ya shilingi bilioni 500 baada ya kulipa kodi, huku CRDB ikiwa juu kidogo ya bilioni 400. Ukija kwenye jumla ya mali, mikopo, majengo na fedha zilizomo, mabenki haya mawili yanakabana koo.

Sasa ule mtaji unasema nini?

Jibu linaanza na hesabu ya darasa la nne. NMB ina hisa milioni 500, na katiba yake inasema kila hisa ni ya shilingi 40. Zidisha, unapata bilioni 20. CRDB ina hisa 2,611,838,584, kila moja ya shilingi 25. Zidisha tena, unapata bilioni 65 na ushei. Shilingi 40 na shilingi 25 ni bei za kwenye karatasi, zilizopangwa siku mtaji ulipogawanywa vipande. Hazifuati soko, hazipandi benki ikinawiri na hazishuki ikiyumba. Kwa faida ya mwaka 2023, NMB iligawa gawio la takriban shilingi 361 kwa kila hisa. Yaani mwanahisa alipewa kwa mwaka mmoja mara tisa ya ile thamani inayosomeka kwenye karatasi, na karatasi ikabaki vilevile: shilingi 40, fedha ambayo leo hainunui hata pipi.

Ndiyo maana wahasibu hawashtuki wanapoona kampuni kubwa yenye mtaji mdogo wa hisa. Faida ya miaka iliyopita ambayo haikugawanywa hukaa kwenye mstari wake, chini ya jina la faida iliyolimbikizwa. Kwa kampuni iliyofanya biashara kwa miaka mingi, mstari huo ndio mnene. Mtaji wa hisa ni kama kipimo cha unga uliowekwa kwenye sufuria siku ya kwanza. Haukuambii wamekula watu wangapi tangu siku hiyo.

Safaricom ya Kenya ni mfano wa ajabu zaidi. Ina hisa zipatazo bilioni 40, na kila hisa ina thamani ya senti 5. Mtaji wake wote wa hisa unafika shilingi bilioni 2 za Kenya na kidogo juu yake, ilhali mapato yake ya mwaka yamepita bilioni 300. Ukiipima kwa mtaji wa hisa, kampuni inayoendesha M-Pesa inaonekana kama duka la jumla lililochangamka.

Kwa makampuni hayo makubwa hakuna anayedanganyika sana, kwa sababu ripoti zao zimekaguliwa na kila mtu anaweza kuzisoma. Shida iko huku chini, kwa maelfu ya kampuni binafsi ambazo hesabu zao hazichapishwi popote. Hapo mwenye kutaka kuwakopesha au kushirikiana nao hushika kitu pekee kinachopatikana: karatasi za usajili, zenye mstari ulioandikwa mtaji wa hisa, shilingi milioni 100. Namba hiyo inatisha. Inafaa kuifungua tuone ndani mna nini.

Tuwabuni ndugu wawili wanaouza vifaa vya ujenzi Kariakoo, kaka na mdogo wake. Wanakwenda kwa wakili, anawaandikia katiba ya kampuni, na kwenye kipengele cha mtaji wanaweka shilingi milioni 100, zilizogawanywa katika hisa 10,000 za shilingi 10,000 kila moja. Kwa nini milioni 100? Labda wakili ameshauri, labda wametaka wateja wawaheshimu. Wangeweza kuandika milioni 5. Kinachowazuia watu wasijiandikie mabilioni ni kwamba ada ya usajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, hupanda kwa madaraja kadiri mtaji uliotajwa unavyokuwa mkubwa. Lakini hakuna anayewaomba waoneshe hizo milioni 100 ziko benki gani. Ni ukomo tu: wanasema kampuni yao inaweza kutoa hisa hadi kufikia kiasi hicho.

Ukurasa wa kusoma kwa makini ni ule wa mwisho wa katiba, wenye saini, anwani za waanzilishi na mhuri wa wakili aliyeshuhudia. Mbele ya kila jina kuna safu nyembamba inayosema mtu huyo amechukua hisa ngapi. Wengi huipita. Kwa ndugu zetu imeandikwa: kaka 60, mdogo 40. Hisa 100 kati ya 10,000. Kwa hiyo hisa zilizotolewa zina thamani ya shilingi milioni 1, na zile milioni 99 nyingine ni nafasi tupu, kama vyumba vilivyochorwa kwenye ramani ya nyumba ambayo msingi wake umechimbwa kwa sebule tu.

Na hata hiyo milioni 1 ina swali lake: imelipwa? Sheria inaruhusu mtu kuchukua hisa na kubaki na deni lake kwa kampuni. Neno lile lililo mwishoni mwa jina la kampuni, linalosema dhima ina ukomo, maana yake ni hii: kampuni ikifilisika, mwanahisa hadaiwi zaidi ya kile ambacho hajalipia katika hisa zake. Kaka akiwa amelipia hisa zote 60, mfilisi hana cha kumdai. Akiwa hajalipa hata senti, mfilisi anaweza kumfuata kwa shilingi 600,000. Basi. Muuza saruji aliyewakopesha mzigo wa milioni 80 kwa kuona mtaji wa milioni 100 kwenye karatasi hataipata fedha yake hapo. Alichotakiwa kutazama ni hisa zilizotolewa na zilizolipiwa, halafu mali na madeni ya duka lenyewe.

Zile hisa 9,900 ambazo hazijachukuliwa hazina fedha ndani yake, ila zina nguvu, na nguvu yake ni ya umiliki.

Biashara inabana. Mjomba wao anajitokeza na shilingi milioni 50, anataka hisa 200. Ndugu wanafurahi, hisa 200 kati ya 10,000 zinaonekana asilimia 2 tu. Wanasaini. Lakini umiliki haupimwi kwa hisa zilizotajwa kwenye katiba, unapimwa kwa zilizotolewa. Kabla ya mjomba zilikuwa 100, sasa ni 300. Mjomba ana 200 kati ya 300, yaani theluthi mbili. Kaka aliyekuwa na asilimia 60 amebaki na 20. Mdogo ana 13 na kidogo. Hakuna aliyewanyang'anya hisa hata moja; kaka bado ana zake 60, mdogo zake 40. Kilichobadilika ni kigawanyo. Kwenye mkutano wa wanahisa mjomba anaweza kuwaondoa kwenye ukurugenzi wote wawili kabla chai haijapoa. Katiba nyingi zilizoandikwa kwa uangalifu huweka kifungu kwamba hisa mpya sharti kwanza ziuzwe kwa wanahisa waliopo, kila mmoja kwa kadiri ya alizonazo. Ndugu zetu, kama wengi, walichukua katiba ya kunakili na hawakuuliza.

Angalia pia zile milioni 50 zimekwenda wapi vitabuni. Mjomba alipewa hisa 200 za shilingi 10,000, kwa hiyo ni milioni 2 tu zinazoingia kwenye mstari wa mtaji wa hisa. Milioni 48 zilizobaki zinaandikwa kwenye mstari wa jirani, ziada ya thamani ya hisa. Mtaji wa hisa sasa unasomeka milioni 3, ilhali wanahisa wameshaweka milioni 51. Mtu anayesoma mstari mmoja anakosa sehemu kubwa ya hadithi.

CRDB ilipita njia hiyohiyo kwa kiwango chake. Mwaka 2015 benki iliwauzia wanahisa wake hisa mpya, moja kwa kila tano walizokuwa nazo, kwa shilingi 350 kila moja. Zilitoka hisa zipatazo milioni 435 na kukusanya takriban shilingi bilioni 152. Katika kila 350, shilingi 25 ziliingia kwenye mtaji wa hisa na 325 kwenye ziada. Mtaji wa hisa uliongezeka kwa bilioni 11 hivi, na zaidi ya bilioni 140 zikatua mstari wa pili. Kwa kuwa kila mwanahisa alipewa nafasi ya kununua kwa uwiano, aliyelipa alibaki na fungu lake lilelile la umiliki. Aliyeacha nafasi ipite ndiye aliyepungua, bila kuuza chochote.

Mauzo ya hisa za NMB mwaka 2008 yalikuwa ya namna nyingine kabisa, japo kwa mnunuzi aliyesimama kwenye foleni akiwa na fomu mkononi yalionekana yaleyale. Serikali iliuza asilimia 21 ya benki hiyo, hisa milioni 105, kwa shilingi 600 kila moja. Ni bilioni 63, zaidi ya mara tatu ya mtaji wote wa hisa wa benki. Na mtaji wa benki uliongezeka kwa kiasi gani? Sifuri. Hisa zilikuwa za Serikali, fedha zikaenda kwa Serikali, benki ikabadilisha majina tu kwenye daftari lake la wanahisa. Mwaka huohuo Safaricom nayo iliuzwa kwa umma, hisa bilioni 10 za Serikali ya Kenya kwa shilingi 5 kila moja, mara mia ya zile senti 5. Shilingi bilioni 50 zilipita juu ya kampuni bila kuacha senti kwenye mtaji wake. Mara kampuni inaposemwa imeuza hisa, swali la kwanza liwe: nani muuzaji? Kampuni yenyewe, au mtu aliyekuwa nazo?

Hapo ndipo daftari la wanahisa linapoanza kuwa tamu kuliko mizania. Mtaji wa hisa haujui kupima ukubwa, lakini kwa kugawanya umiliki hauna mpinzani. Daftari la NMB linaonyesha kampuni ya uwekezaji ya Arise, iliyoundwa na Rabobank ya Uholanzi pamoja na taasisi za fedha za maendeleo za Norwei na Uholanzi, ikiwa na asilimia 34.9. Msajili wa Hazina anashika asilimia 31.8 kwa niaba ya Serikali. Ukitaka kuona namba hizo zikifanya kazi, zichukue hadi siku ya gawio: kati ya takriban bilioni 180 zilizogawanywa kwa faida ya 2023, fungu la Serikali lilikuwa bilioni 57 na pointi. Hisa ya shilingi 40 haikuwa na la kusema kuhusu thamani ya benki, ila kwenye kukata keki ndiyo iliyoshika kisu.

Tatizo ni kwamba jina lililo kwenye daftari linaweza kuwa pazia. Vodafone Kenya Limited ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la Safaricom ikiwa na asilimia 40 ya hisa. Mwaka 2017 Vodacom ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 87.5 ya hiyo Vodafone Kenya. Piga hesabu: asilimia 87.5 ya 40 ni 35. Kwa hiyo zaidi ya theluthi ya Safaricom ilihamia chini ya Vodacom, na kwenye daftari la Safaricom hapakufutwa jina wala kuongezwa. Mwanahisa aliandikwa vilevile, Vodafone Kenya Limited. Badiliko lilifanyika ghorofa moja juu. Katika mkasa huo kila kitu kilitangazwa hadharani, na Vodacom yenyewe iko chini ya Vodafone ya Uingereza, kwa hiyo ngazi zinahesabika.

Zamani kidogo, ndani ya Vodafone Kenya hiyohiyo, kulikuwa na mwenza aitwaye Mobitelea Ventures, kampuni iliyosajiliwa katika kisiwa cha Guernsey mwaka 1999. Ilikuwa na robo ya Vodafone Kenya, sawa na asilimia 10 ya Safaricom, na mwaka 2003 Vodafone ikanunua nusu ya fungu hilo. Kamati ya Bunge la Kenya inayochunguza mashirika ya umma ilipolifuatilia jambo hilo mwaka 2007, ilikuta wenye Mobitelea wamejificha nyuma ya kampuni nyingine za visiwani. Karatasi zilitaja asilimia kwa usahihi kabisa. Zilishindwa kumtaja binadamu.

Sheria zimejaribu kuziba pengo hilo. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2020 zinazozitaka kampuni kuwataja watu wenyewe walio nyuma ya hisa, kuanzia anayemiliki, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, asilimia 10. Tanzania ikafuata kwa kanuni za mwaka 2021, na BRELA huwaita watu hao wamiliki manufaa. Ni taarifa inayowasilishwa na kampuni yenyewe, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: msajili hupokea anachoambiwa. Hata hivyo anayedanganya sasa anaacha maandishi yenye saini yake.

Kuna mahali ambapo mtaji wa hisa unaacha kuwa mambo ya karatasi na kuingia kwenye bili. Mwaka 1995 TANESCO iliingia mkataba wa miaka 20 na IPTL wa kununua umeme wa mtambo wa megawati 100 uliojengwa Tegeta, Dar es Salaam. Asilimia 70 ya hisa za IPTL zilikuwa za Mechmar ya Malaysia na asilimia 30 za kampuni ya hapa nyumbani, VIP. TANESCO ilitakiwa kulipa tozo ya kila mwezi hata mtambo ukiwa umezimwa, na tozo hiyo ilikokotolewa kwa kuchukulia kwamba sehemu ya gharama ya ujenzi, asilimia 30, ilitoka mifukoni mwa wanahisa, na iliyobaki ni mikopo. Mwenye hisa huvumilia hatari kubwa kuliko benki, kwa hiyo fedha yake hupangiwa faida kubwa kuliko riba. TANESCO ikaja kudai kwamba mtaji wa namna hiyo haukuwekwa kamwe. Kilichoitwa mtaji kilikuwa mkopo kutoka kwa mwanahisa, kwa hiyo imekuwa ikitozwa zaidi. Baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji la Benki ya Dunia, katika uamuzi wa Februari 2014, lilielekeza tozo ikokotolewe upya. Swali lililobishaniwa kwa miaka na mawakili wa bei mbaya lilikuwa lilelile la muuza saruji wa Kariakoo: hizi hisa zimelipiwa au zimetajwa tu?

Kwa mtu wa kawaida, kulipata jibu si kazi ya wakili. Nairobi watu wanajua kuomba CR12, karatasi ya msajili inayoonyesha wakurugenzi, wanahisa na idadi ya hisa za kila mmoja. Mabenki na watoa zabuni huikataa ikiwa ya siku nyingi, na wako sahihi, maana mjomba anaweza kuwa ameingia wiki iliyopita. Tanzania unafanya upekuzi kwenye mfumo wa usajili wa BRELA kwa kulipia ada, ukitafuta katiba, fomu za kutoa hisa na taarifa ya mwaka. Taarifa ya mwaka ikiwa haijawasilishwa kwa miaka minne, majina unayoyaona ni ya miaka minne iliyopita, na huenda mmoja wao alishauza au alishafariki.

Ukishazipata, anza na safu ile nyembamba ya idadi ya hisa zilizochukuliwa. Jumlisha zote, kisha gawa hisa za kila mtu kwa jumla hiyo, wala si kwa namba kubwa iliyo kwenye kipengele cha mtaji. Ukikuta mwanahisa ni kampuni, fungua upekuzi mwingine kwa jina hilo. Na ukikuta hisa 9,900 bado hazijatolewa, muulize mwenye duka, kabla hujampa mzigo au fedha, ni nani mwenye ruhusa ya kuzitoa.